Saa tatu zilizokula siku tatu: uchambuzi wa ratiba moja ya siku 14

Kisa hiki ni cha wasafiri wawili wenye likizo ya siku 14. Tumekiunda kwa ajili ya uchambuzi, na ndiyo maana hakina jina la mji wala nchi; lakini kila kinachotokea ndani yake ni cha kawaida kwa mtu yeyote anayeunganisha ndege, basi na boti katika safari moja. Walitaka vitu viwili: kupanda mlima kwa siku nne, na kupiga mbizi kisiwani kwa siku nne. Ratiba yao ilikuwa imepangika vizuri, na haikuwa na hata siku moja iliyokaa bure.

Waliondoka nyumbani Jumatatu usiku. Jumanne saa 12 asubuhi wangetua katika mji mkuu wa nchi wanayokwenda, na saa 4 asubuhi wangepanda ndege ndogo ya ndani kwenda mji ulio chini ya mlima. Ndege hiyo walikuwa wameinunulia tiketi yake peke yake. Jumatano hadi Jumamosi, mlimani. Jumapili, basi la mwendo wa saa tisa hadi bandarini. Jumatatu saa 2 asubuhi, boti kwenda kisiwani, ambako wangekaa usiku tano na kupiga mbizi kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Boti hiyo husafiri Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi tu: huenda asubuhi na kurudi alasiri siku hiyohiyo. Wangerudi nayo Jumamosi, walale bandarini, Jumapili wapande basi la mwendo wa saa nne hadi mji mkuu, na usiku huo saa 2 waingie kwenye ndege ya kurudi nyumbani. Jumatatu, kazini.

Kilichoharibika ni kitu kidogo. Ndege ya kwanza ilichelewa saa tatu.

Ikatua saa 3 asubuhi badala ya saa 12. Foleni ya pasipoti, kusubiri mizigo, kuhama kutoka jengo la safari za nje kwenda la safari za ndani: walifika kaunta saa 3 na dakika 50. Kaunta ilikuwa imefungwa tangu saa 3 na robo, dakika 45 kabla ya ndege kuruka. Viti vya karibu vilipatikana Jumatano asubuhi, kwa tiketi mpya waliyoilipia wenyewe. Kupanda mlima kukaanza Alhamisi badala ya Jumatano, kukaisha Jumapili. Basi la saa tisa wakalipanda Jumatatu, siku ambayo boti ilikuwa imeshaondoka asubuhi yake. Boti iliyofuata ilikuwa ya Alhamisi. Jumanne na Jumatano wakazimalizia bandarini, wakati chumba chao kisiwani, kilicholipiwa chote bila haki ya kurudishiwa fedha, kiko kitupu. Wakapiga mbizi Ijumaa, na Jumamosi wakaondoka.

Saa tatu zimekula siku tatu za mbizi kati ya nne. Hapa ndipo uchambuzi unapoanza, kwa sababu wasafiri wengi wakisikia kisa kama hiki huilaumu ndege. Ndege kuchelewa saa tatu ni jambo la kawaida kabisa. Swali ni kwa nini ratiba iliukuza ucheleweshaji badala ya kuumeza.

Nikikosa hiki, kingine ni lini?

Chukua ratiba yoyote, na pembeni ya kila chombo cha usafiri andika jibu la swali hilo moja. Kwa wasafiri wetu majibu ni haya. Basi la saa nne kati ya bandari na mji mkuu: huondoka kila saa, kwa hiyo ukilikosa umepoteza saa moja. Basi la saa tisa: kesho. Ndege ya ndani: kesho, kama kuna kiti. Boti: siku mbili au tatu, kutegemea umeikosa siku gani. Ndege ya kurudi nyumbani: tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo.

Jibu hilo ndilo linalopima ukubwa wa akiba ya muda unayohitaji. Urefu wa ucheleweshaji wenyewe hausemi mengi. Watu hujiuliza, "Tunaweza kuchelewa kwa muda gani?" wakajijibu, "Saa chache," kisha wakaacha saa chache. Lakini chombo kinachopita mara tatu kwa wiki hakijui habari za saa chache. Ukikifikia dakika tano baada ya kung'oa nanga au saa 40 baadaye, unasubiri safari ileile inayofuata. Dakika zinageuka siku mahali hapo, na mahali hapo ndipo akiba inapotakiwa kukaa: mbele ya boti, kati yake na vitu vyote vinavyoweza kuchelewa kabla yake.

Sasa angalia ni vitu vingapi vilivyokuwa vimewekwa mbele ya ile boti ya Jumatatu. Ndege ya kimataifa, ndege ya ndani, mlima na basi la saa tisa. Vinne, kila kimoja kikitegemea kilichotangulia. Tuseme kila kimoja kina nafasi nane kati ya kumi ya kwenda kama kilivyopangwa, kadirio lisilo la mtu mwenye hofu. Viwili mfululizo vina nafasi 64 kati ya 100. Vitatu, 51. Vinne, 41. Kwa makadirio hayo, kabla hata hawajafunga mabegi, kuikosa boti kulikuwa na uwezekano mkubwa kuliko kuipata, ingawa hakuna hatua hata moja iliyoonekana ya hatari ikitazamwa peke yake.

Mapengo yaliyofanana na akiba

Ukiisoma ratiba ile harakaharaka utasema walikuwa na nafasi za kutosha. Walikuwa na saa nne uwanja wa ndege. Walikuwa na mlima wa siku nne ambao mtu angeweza kuupunguza hadi siku tatu. Yote mawili hayakufaa, na sababu zake ni tofauti.

Zile saa nne zingetosha kama safari zote mbili zingekuwa kwenye tiketi moja. Abiria wa tiketi moja akikosa ndege ya kuunganisha kwa sababu ya kuchelewa kwa ndege ya kwanza, ni kazi ya shirika kumpandisha ndege inayofuata. Kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, shirika la pili halijui kwamba ulikuwa angani unachelewa. Kwake wewe ni abiria ambaye hakutokea. Na kama tiketi hiyo ya pili ni ya kwenda na kurudi, kwa kawaida kutotokea kwenye safari ya kwanza hufuta na safari ya kurudi. Usipopiga simu mapema utalijua hilo siku ya kurudi, ukiwa kaunta. Tiketi mbili zinataka usiku mmoja katikati. Ukishindwa kuuweka, angalau ndege ya pili isiwe ya mwisho kwa siku hiyo.

Mlima nao haukuweza kupunguzwa. Vituo vya kulala vilikuwa mita 2,700, kisha 3,200, kisha 3,600. Ushauri wa kitabibu unaokubalika ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uweke siku ya kupumzika. Kuruka kituo cha katikati ni kupanda mita 900 kwa mara moja, na hiyo ni njia ya moja kwa moja ya kuugua ugonjwa wa mwinuko. Kwa hiyo zile siku zilizoonekana kama zinaweza kubanwa zilikuwa na kazi yao mwilini. Jambo hilihili huwapata wapanda milima wa safari ndefu: wanaiona "siku ya kupumzika" kwenye ratiba wanaihesabu kuwa akiba, halafu mvua ikiwachelewesha wanaifuta, na maumivu ya kichwa yanaanza jioni yake. Siku ya kupumzika ina kazi. Siku ya akiba ni ile ambayo ikiondolewa hakuna kinachodhurika.

Kulikuwa pia na hatari ambayo haikuwaumiza. Boti ya Jumamosi ilisafiri. Ingesitishwa kwa upepo, inayofuata ilikuwa Jumatatu, na ndege yao ya nyumbani ilikuwa Jumapili usiku. Walifika nyumbani kwa wakati kwa sababu bahari ilitulia siku hiyo, na kwa hilo ratiba haistahili sifa.

Ratiba ileile, ikipangwa upya

Siku 14 hazikuongezwa. Kilichobadilika kwanza ni mpangilio: kisiwa kinatangulia, mlima unafuata. Sababu ni ile orodha ya majibu. Boti, yenye kusubirisha siku tatu na kutegemea hali ya hewa, haifai kuwa jirani ya ndege ya kurudi nyumbani. Inakwenda mwanzoni, ili ikisumbua kuwe na siku nyingi baada yake za kurekebisha mambo.

Jumatatu, kuondoka. Jumanne saa 12 asubuhi, kutua mji mkuu na kulala hapo hapo. Jumatano, basi la saa nne hadi bandarini, saa yoyote. Alhamisi saa 2 asubuhi, boti. Mbizi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu alasiri, boti ya kurudi. Jumanne, basi la saa tisa hadi mji wa mlimani. Jumatano hadi Ijumaa, mlima kwa siku tatu, kulala mita 2,700 na 3,200 kisha kushuka, bila kufika kituo cha tatu. Jumamosi asubuhi, ndege ya ndani hadi mji mkuu. Jumapili saa 2 usiku, ndege ya nyumbani.

Gharama yake iko wazi na haifai kufichwa: siku moja ya mbizi na siku moja ya mlima. Ndizo zilizonunua akiba mbili. Ya kwanza ni ya Jumanne na Jumatano, mbele ya boti. Ya pili ni ya Jumamosi, mbele ya ndege ya nyumbani. Mtu anaweza kuuliza kwa nini siku hizo mbili zisinyunyizwe, nusu siku hapa, nusu siku pale, ili kila hatua iwe na nafasi yake. Kwa sababu nusu siku mbele ya basi linaloondoka kila saa haikuokoi na lolote, na mbele ya boti ya mara tatu kwa wiki haitoshi. Zaidi ya hapo, akiba iliyogawanywa haihami: ndege ikiwahi, ile nusu siku uliyoiwekea imepotea, huwezi kuihamishia baharini. Ikusanywe nzima mbele ya kitu kisichosubiri, na hatua zote zinazotangulia zichote humo.

Tuijaribu sasa kwa matatizo matatu.

Ndege inachelewa saa tatu, kama ilivyokuwa. Wanafika mji mkuu saa 3 asubuhi badala ya saa 12, wanakwenda kulala. Hakuna kingine kilichobadilika.

Begi halikufika. Mabegi mengi yanayopotea njia huja na ndege ya siku inayofuata. Wanasubiri hadi Jumatano mchana, wanalichukua, wanapanda basi la saa 8 mchana na kuingia bandarini saa 12 jioni. Boti ni kesho asubuhi. Katika ratiba ya kwanza begi hilo lingewafukuzia mlimani, ambako hakuna gari la kulileta.

Upepo unaizuia boti ya Jumatatu. Hili ndilo gumu, na ratiba mpya haina dawa kamili. Boti inayofuata ni ya Alhamisi, na siku tatu za mlima haziwezi tena kuingia. Ndege ya nyumbani iko salama, mlima umepotea. Mlima ndio kafara ya ratiba hii, na ni vizuri wasafiri wote wawili wakubaliane hivyo kabla hawajaondoka nyumbani, kwa maneno, maana kuamua kinachotupwa mkiwa mmechoka na mmekasirika huleta ugomvi. Malipo ya awali ya kiongozi wa mlima yawe madogo kadiri atakavyokubali, na muulizeni mapema kama tarehe inasogezeka.

Lakini kuna njia ya kupunguza hasara hiyo, nayo ni saa ya kuamua. Utabiri wa upepo wa siku mbili tatu mbele huaminika kiasi cha kutosha kufanya uamuzi. Kwa hiyo kwenye ratiba, Ijumaa jioni, kunaandikwa mstari mmoja: *tazama utabiri wa Jumatatu na muulize nahodha*. Wanaopiga mbizi kisiwani nao hujua boti husitishwa kwa upepo wa namna gani. Utabiri ukiwa mbaya, wanaondoka na boti ya Jumamosi. Wanapoteza siku mbili za mbizi, wanaubakiza mlima. Bila mstari huo wangeutambua upepo Jumatatu asubuhi wakiwa gatini na mabegi, wakati njia ya pili imeshapita siku mbili nyuma. Kila siku ya akiba inahitaji saa kama hii, kwani akiba bila saa ya kuamua hugeuka siku ya kukaa na kutumaini.

Mbizi ya mwisho iishe Jumapili kabla ya saa 6 mchana. Mtu aliyepiga mbizi siku kadhaa mfululizo anashauriwa akae saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege, ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke bila madhara. Ikiisha saa 6 mchana, saa 18 zinatimia Jumatatu saa 12 asubuhi, na kama boti imekwama lakini kuna ndege ndogo yenye viti, mlango huo uko wazi kwao. Wakipiga mbizi ya alasiri, wameufunga wenyewe.

Akiba huliwa na walioiweka

Hatari kubwa zaidi kwa siku ya akiba si dhoruba. Ni Alhamisi nzuri mlimani. Anga ni jeupe, miguu ina nguvu, na kiongozi anasema: "Jamani, mna Jumamosi nzima haina kazi. Twende mpaka kituo cha tatu, mshuke Jumamosi, mruke Jumapili asubuhi." Hajasema uongo. Ila ile Jumamosi ina kazi: inalinda njia kati ya mlima na mji mkuu, ambapo kuna uwanja mdogo unaofungwa na ukungu na ndege moja kwa siku. Jumapili asubuhi ukungu ukishuka, basi pekee litawafikisha mji mkuu usiku, ndege ya nyumbani ikiwa angani.

Kanuni inayofaa ni hii: siku ya akiba inatumika kwa starehe pale tu hatari inayoilinda imeshapita. Ile ya mwanzo inakuwa yao wakishakuwa mji mkuu na mabegi yote mkononi. Ile ya Jumamosi inakuwa yao ndege ya ndani ikishatua. Kabla ya hapo si mali yao.

Na ikishakuwa yao, isiwe tupu. Jumamosi mchana mjini bila mpango huishia chumbani na simu. Andaeni orodha fupi ya mambo manne au matano ya kujaza nafasi, kila moja la saa mbili hadi tatu, lisilohitaji kuwekewa nafasi mapema, na lililo umbali wa kutembea kutoka mnapolala. Moja au mawili yawe ya ndani, kwa ajili ya mvua. Siku zenye shughuli nazo zifuate mtindo huohuo: jambo moja tu lenye saa maalum kwa siku, lililobaki litoke kwenye orodha. Siku yenye miadi mitatu ya saa maalum inakuwa na ugonjwa uleule wa nafasi nane kati ya kumi, ila kwa kipimo cha saa.

Kwenye malipo, vyumba vya pande zote mbili za akiba ndivyo vya kutazamwa. Chumba cha Alhamisi kisiwani na cha Jumamosi mjini viwe vya kufutika, hata kwa bei ya juu kidogo, na siku ya mwisho ya kufuta bure iandikwe kwenye ratiba karibu na saa ya kuamua. Haisaidii kujua Ijumaa jioni kwamba mnaondoka mapema ikiwa dirisha la kufuta lilifungwa Jumatano. Bima ya safari isomwe sehemu mbili: ucheleweshaji unaanza kulipwa baada ya saa ngapi, na kama inakubali muunganiko wa tiketi mbalimbali. Bima nyingi haziugusi.

Vilevile hesabuni siku za kunasa. Pengo refu zaidi la boti ni siku tatu, kutoka Jumatatu hadi Alhamisi, na ndege ya nyumbani inaweza kusogea siku moja. Kwa hiyo dawa za kila siku ni za siku 14 na nne juu yake, zote kwenye begi la mkononi. Viza ikaguliwe kwa hesabu hiyohiyo: isiishe muda wake Jumapili ya ndege, bali angalau Alhamisi inayofuata. Na kazini, ruhusa iombwe hadi Jumanne, ili Jumatatu ya kwanza baada ya kurudi nayo iwe na nafasi ya kupumua kama ndege itatua ikiwa imechelewa saa tatu nyingine.